Kulipwa Ukisubiri Hisa Zishuke Bei

Mwaka 1993, Warren Buffett wa Berkshire Hathaway alikuwa tayari kununua hisa zaidi za Coca-Cola, ila si kwa bei iliyokuwapo sokoni. Badala ya kusubiri bure, aliuza mikataba iliyompa mnunuzi haki ya kumuuzia yeye hisa hizo kwa takriban dola 35 kila moja, mwisho Desemba. Kwa kila hisa alilipwa dola 1.50 papo hapo. Bei haikushuka kiasi hicho, mikataba ikaisha muda wake na malipo yakabaki kwake.

Mikataba hii huitwa opsheni za kuuza. Huko Marekani hata mtu wa kawaida anaweza kuiuza kupitia dalali wake. Mkataba mmoja kwa kawaida ni wa hisa 100, na kwa njia hii dalali huzuia kwenye akaunti yako fedha taslimu za kutosha kuzinunua zote.

Tuseme hisa inauzwa dola 60, nawe ungeridhika kuipata kwa 55. Unauza mkataba mmoja wa bei ya 55, unaoisha baada ya mwezi, kwa dola 1 kila hisa. Unapokea dola 100, na dola 5,500 zinazuiwa. Mwezi ukiisha bei ikiwa juu ya 55, hakuna atakayekuuzia kwa bei hiyo, na fedha zako zinaachiliwa. Ikiwa imeshuka hadi 52, utachukua hisa zote 100 kwa 55. Ukitoa malipo uliyopokea, kila moja imekugharimu 54. Thamani yake imepungua kwa dola 200, lakini aliyenunua hisa 100 kwa 60 amepungukiwa na 800.

Hatari iko kwenye mporomoko. Kampuni ikitoa habari mbaya na bei ikaanguka hadi 35, bado utalipa 55, na hasara yako itakuwa dola 1,900. Zile 100 ulizolipwa hazitakuokoa. Na bei ikipaa hadi 75, wewe hupati zaidi ya hizo 100.

Ndiyo maana malipo manono yakupe tahadhari. Soko hulipa sana pale linapotarajia bei iyumbe, mara nyingi siku chache kabla kampuni haijatangaza matokeo yake ya robo mwaka. Angalia kwanza tarehe hiyo inaangukia wapi ndani ya muda wa mkataba. Anayefuata malipo peke yake huishia kubebeshwa hisa za kampuni asiyoiamini, kwa bei ambayo soko limekwisha kuikataa.

Kabla ya kuuza, jiulize: kama nisingelipwa chochote, ningeinunua hisa hii kwa bei hii na kukaa nayo miaka? Jibu likiwa hapana, usiuze mkataba huo.