Sikukuu Inayorudi Mara ya Pili

Wachezaji watano wameizunguka meza. Kuna karatasi zilizojaa maandishi ya penseli, sahani ya kashata, na dadu ya pande 20 inayoamua nani atapona na nani ataumia. Mmoja wao anaigiza kuhani. Mwenzake kachomwa mkuki, na kuhani ndiye wa kumwombea. Anainua mikono, anafungua kinywa, kisha anaishusha mikono na kumgeukia msimuliaji: "Hivi mungu wangu anaitwa nani vile?"

Hiki ni kikao chao cha kumi na nne. Nyumbani kwa msimuliaji kuna daftari lenye miungu 31, kila mmoja na silaha yake, rangi ya joho lake na mnyama wake. Alilifanyia kazi miezi mitatu. Mezani hakuna anayekumbuka hata jina moja.

Kwa wasioujua, mchezo huu huchezwa kwa maneno. Msimuliaji anaueleza ulimwengu wa kubuni, kila mchezaji anamwongoza mhusika wake, na jambo likiwa la bahati nasibu, dadu inarushwa. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao, pengine kwa miaka, ndiyo inayoitwa kampeni. Ulimwengu wa kampeni unahitaji milima, miji na wafalme, na mapema au baadaye unahitaji miungu.

Hapo ndipo wengi hujikwaa, na hawakuwa wa kwanza. Vitabu vya 1974 vilikuwa na makuhani bila kusema wanamwomba nani. Pengo hilo lilizibwa baadaye kwa orodha za miungu ya Wagiriki, Wamisri na wengineo, na katika kitabu cha 1980 Zeu mwenyewe akapewa pointi 400 za uhai, kana kwamba ni simba mkubwa. Mungu akishapewa pointi za uhai, wachezaji hawaulizi tena namna ya kumwomba. Wanauliza namna ya kumuua.

Njia nyingine ilikuwapo, nayo ilitokana na Greg Stafford. Huyu alianza kuandika ngano za ulimwengu wake, Glorantha, mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo, kabla mchezo wowote wa namna hii haujakuwapo. Ulimwengu huo ukaja kuwa makao ya mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chembamba, Cults of Prax. Uzito wa kitabu hicho haukuwa kwenye nguvu za mungu bali kwenye watu wake: nani anaruhusiwa kujiunga, anajaribiwaje, anakatazwa nini, anawachukia wafuasi wa nani, na siku gani lazima awepo hekaluni. Mhusika hakuwa na mungu kama mtu aliye na kofia. Alikuwa mwanachama, na uanachama una ada.

Kalenda ya Glorantha ndiyo iliyoufanya mpango huo usimame. Mwaka una siku 294. Misimu ni mitano, kila mmoja una majuma manane ya siku saba, jumla siku 280. Siku 14 zinazobaki haziingii katika msimu wowote: ni Wakati Mtakatifu, ambapo jamii nzima inaigiza upya namna dunia ilivyookolewa, ili iokoke tena mwaka ujao. Desturi iliyozoeleka ni tukio moja kubwa kwa kila msimu. Misimu mitano ikipita, wachezaji wanarudi nyumbani kwa ibada, wanahesabu mavuno, waliozaliwa na waliokufa, na mwaka unageuka.

Ni jambo dogo la hesabu, lakini ndilo linalowaangusha wabunifu wengi. Chukua kikundi kinachokutana kila baada ya wiki mbili. Kwa mwaka hiyo ni kama vikao 24. Kikao kimoja cha mapigano na mazungumzo kwa kawaida hakimalizi zaidi ya siku mbili za ulimwengu wa kubuni. Mwaka mzima wa kucheza, basi, unasogeza hadithi siku 48. Ili mwaka mmoja wa siku 365 utimie, kikundi kinahitaji miaka saba na nusu hivi. Sikukuu ya mavuno iliyoandikwa kwa mapenzi kwenye ukurasa wa tisa haitafika kamwe, au itafika mara moja tu. Na sikukuu iliyoonekana mara moja ni gwaride la wageni. Inapata maana inaporudi, pale mtu anapoweza kusema, "Mwaka jana alikuwepo babu yake, mwaka huu kiti ni kitupu."

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye kalenda, na kalenda ianzie kwenye riziki. Tuseme msimuliaji anabuni bonde lenye ziwa la chumvi. Kiangazi ziwa linakauka na watu wa ufukoni wanakwangua chumvi. Mvua zikija, maji yanaifunika, na wakulima wa juu ya bonde wanapanda mtama. Hapo tayari kuna ugomvi: jua linalomlisha mmoja linamuua mwingine kwa njaa. Miungu inatoka humo. Waro ni jua. Isenya ni mvua, mkewe. Mtoto wao ni Chuvi, chumvi yenyewe, anayezaliwa baba akiwa nyumbani na kuyeyuka mama anaporudi. Wa nne ni Dumbe, mungu wa njia na misafara, asiye na hekalu popote, maana kila asubuhi amekwisha kuondoka.

Wanne wanatosha kuanzia. Majina yao ni mafupi na kila moja linaanza na herufi yake, kwa sababu mchezaji aliyechoka saa nne usiku hatatofautisha Isenya na Isenda. Muhimu zaidi, hakuna hata mmoja aliye "mungu wa vita" au "mungu wa elimu" kama mkuu wa idara serikalini. Wana udugu na kisasi, na kwa hayo mchezaji anaweza kubahatisha mwenyewe mungu atapendelea nini bila kufungua daftari.

Sasa sikukuu. Msimuliaji anayesoma Kiswahili ana mfano karibu kuliko Roma au Misri. Kalenda ya jua ya Waswahili wa pwani iliugawa mwaka katika miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36, na siku tano za ziada. Miezi ya mwandamo nayo huhesabiwa kuanzia kufungua saumu, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea, hivi kwamba sikukuu moja inayapa majina miezi tisa inayoifuata. Na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa bado unaadhimishwa kila Julai: wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa migomba na kumaliza vinyongo, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na mgeni anakaribishwa chakula. Kila aliyepo ana la kufanya, na hilo ndilo la kuazima. Mila yenyewe ni ya wenyewe, ibaki Makunduchi.

Bonde letu lichukue miongo 36 na sikukuu nne. Ya kwanza ni Mkwanguo, chumvi ya kwanza inapotolewa ziwani. Ya pili ni soko la misafara, siku ya Dumbe, ambapo lazima umpe chakula mtu usiyemjua. Ya tatu ni mvua ya kwanza, nayo ndiyo yenye utamu: juu bondeni ni harusi, Isenya amerudi kwa mumewe, ngoma hazilali. Chini ufukoni, usiku uleule, ni msiba. Watu wanabeba kapu la chumvi hadi majini, wanaliachia, na wanamlilia mtoto. Mchezaji mwenye mhusika wa ufukoni aliyeoa bondeni atalala wapi usiku huo? Msimuliaji hana haja ya kuandika mkasa, umeshaandikika.

Ya nne ni zile siku tano zisizo za mwongo wowote. Waro amefunikwa na mawingu, Isenya amechoka, Chuvi amekufa, Dumbe yuko mbali. Hakuna mungu anayetazama. Kwa hiyo kiapo hakifungi, deni halidaiwi, panga hufungwa kamba alani, na sala za makuhani hazina nguvu, hata ile ya kuponya. Katazo la mwisho linamgusa mchezaji mfukoni, yaani kwenye karatasi yake, na katazo lisilogusa karatasi husahaulika kabla chai haijapoa.

Ili zote nne zipitiwe, kila mkasa upewe vikao vitatu, kisha muda urukwe hadi sikukuu inayofuata. Vikao 24 vinatoa mikasa minane, sawasawa na miaka miwili ya bonde. Gharama ipo: msimuliaji anayependa kuhesabu kila mlo na kila usiku wa safari ataona amenyang'anywa kitu, na kampeni ya kukimbizana na adui kwa siku kumi mfululizo haifai kabisa kwa mpango huu.

Kosa linalofuata ni la ulimi. Msimuliaji aliyebuni ibada nzuri hutaka kuisoma yote, dakika kumi za ubani na maandamano, huku wachezaji wakichungulia simu chini ya meza. Mara ya kwanza sikukuu ipewe picha moja, kapu likielea, na kazi moja kwa kila mhusika: huyu ashike mwenge, yule amzuie mlevi wa harusini asishuke ufukoni. Mara ya pili kibadilike kitu kimoja. Mara ya tatu wachezaji waiendeshe wenyewe.

Kama jamii ya miungu imeshika hujulikana bila mtihani. Sikiliza wachezaji wanaapa kwa nani dadu inapowasaliti. Mungu ambaye baada ya vikao kumi hajatajwa na yeyote isipokuwa msimuliaji aondolewe kimyakimya, au atangazwe amekufa, na kaburi lake liwe mkasa. Na miungu wasijibu ovyo. Isenya akishuka kila anapoitwa, kuhani wake anageuka tarishi, na hakuna atakayebishana tena kama mvua iliyochelewa ni hasira ya mungu au ni kiangazi tu.

Mwaka wa tatu wa bonde, mvua inawahi kwa mwongo mzima. Chumvi bado iko ziwani, kapu halijafumwa, na huko juu ngoma za harusi zimeshaanza. Msimuliaji ananyamaza. Mchezaji wa kuhani anamtazama mwenzake wa bondeni na kumwambia apande akawaombe wazime ngoma usiku mmoja tu. Yule anakataa. Daftari la msimuliaji limefungwa, na kashata zimebaki mbili.