Kisogo cha Maiki Kina Matundu

Tazama video yoyote ya jukwaa la bongo fleva na hutakosa kumwona msanii aliyefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja kizima, wavu wote umemezwa na vidole. Machoni inapendeza. Kwa fundi mitambo aliye kwenye mikisa ni balaa, kwa sababu sauti inageuka ya puani na muda si mrefu spika zinaanza kupiga mluzi. Lawama humwangukia fundi, ilhali yeye hajagusa kitu. Kiganja kimeziba matundu ambayo hata baadhi ya wanaoishika maiki hiyo kila wiki hawajui kwamba yapo, na maiki iliyokuwa haisikii nyuma sasa inasikia kila upande.

Ukimuuliza mtu maiki isiyosikia nyuma imetengenezwaje, atakwambia huenda nyuma kumezibwa vizuri. Ukweli ni kinyume chake. Iliyozibwa nyuma ndiyo inayosikia kote.

Ndani ya maiki mna utando mwembamba unaotikiswa na hewa, na mtikisiko huo ndio unaogeuzwa kuwa umeme. Tuseme utando umefunika kikebe kidogo kisichopitisha hewa. Sauti ikifika, hewa iliyo mbele ya utando inasongamana na kulegea kwa zamu, wakati hewa ya ndani ya kikebe imetulia, kwa hiyo utando unaingia na kutoka. Msongamano wa hewa hauna mbele wala nyuma. Sauti nzito ina wimbi lenye urefu wa mita kadhaa, nalo huizunguka maiki ndogo kana kwamba haipo, kwa hiyo hata spika iliyo mgongoni mwa maiki itausukuma utando sawasawa na mdomo ulio mbele. Hii ndiyo maiki ya pande zote, ile ambayo mara nyingi huchorwa alama ya duara. Kwenye sauti nyembamba sana, ambazo mawimbi yake ni mafupi, mwili wa maiki huanza kutia kivuli na upande wa nyuma hufifia kidogo.

Ili utando usiitikie sauti ya nyuma, sauti hiyo inabidi iruhusiwe kuingia kutoka nyuma. Hapo ndipo yanapokuja matundu. Kwenye maiki ya kushika mkononi huwa yapo chini kidogo ya utando, yamefichwa ndani ya wavu. Sauti inayopitia humo haiufikii utando moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye vitambaa na vijichumba vinavyoichelewesha, na kazi yote iko katika kuuchagua ucheleweshaji huo.

Tuchukue maiki ambayo kutoka mbele ya utando hadi kwenye matundu ya nyuma ni sentimita 2. Sauti hewani hwenda takriban mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 2 huzimaliza kwa mikrosekunde 58 hivi, yaani sehemu 58 za milioni ya sekunde. Mtengenezaji anapanga njia ya ndani nayo icheleweshe kwa mikrosekunde 58 zilezile.

Sasa spika iliyo nyuma inalia. Sauti yake inafika kwanza kwenye matundu na kugawanyika. Sehemu moja inaingia ndani na kuchelewa mikrosekunde 58. Nyingine inaendelea kwa nje hadi mbele ya utando, sentimita 2, mikrosekunde 58. Zote mbili zinaukuta utando kwa wakati mmoja, moja kila upande. Ni mlango unaosukumwa na watu wawili wenye nguvu sawa, mmoja ndani na mwingine nje. Hauendi popote. Utando hautikisiki, na umeme hautoki.

Mwimbaji aliye mbele mambo yake ni tofauti. Sauti yake inagonga utando kwanza, inasafiri mikrosekunde 58 kuyafikia matundu, kisha inacheleweshwa 58 nyingine ndani. Inapofika nyuma ya utando imechelewa mikrosekunde 116, msukumo wa mbele umeshabadilika, na tofauti kati ya pande mbili ndiyo inayoutikisa utando. Sauti ya ubavuni nayo inafika mbele na kwenye matundu kwa pamoja, kwa kuwa umbali ni ule ule, ila ya ndani inachelewa 58. Hiyo ni nusu ya 116, na kweli ubavuni maiki hii husikia nusu ya kile inachosikia mbele, ambayo mafundi huihesabu kuwa desibeli 6 pungufu. Chora nguvu hizo kwenye karatasi kuzunguka maiki, yaani nzima mbele, nusu kila ubavu, sifuri nyuma, na utapata umbo la moyo. Kwa ajili hiyo inaitwa kadioidi, na kimoyo hicho kidogo utakikuta kimechorwa kwenye mwili au boksi la maiki nyingi.

Mwaka 1939 mhandisi Benjamin Bauer wa kampuni ya Shure, Chicago, aliweka jambo hili ndani ya maiki yenye utando mmoja, nayo ikauzwa kwa jina la Unidyne. Kabla ya hapo njia iliyotumika ilikuwa kuweka maiki mbili za aina tofauti ndani ya mwili mmoja, kitu kizito na ghali. SM58 iliyotoka mwaka 1966, ambayo huenda ndiyo iliyo mkononi mwa yule msanii wetu, inatumia kanuni ileile. Ukiufumbata wavu unayaziba matundu, nyuma ya utando panakuwa kikebe kilichofungwa, na umejitengenezea maiki ya pande zote katikati ya spika zinazonguruma.

Ile sifuri ya nyuma ni ya kwenye karatasi. Maiki nzuri ya jukwaani hupunguza sauti ya nyuma kwa desibeli 20 hivi katika sauti za kati, maana yake msukumo unabaki sehemu moja ya kumi. Kwenye sauti nzito sana na nyembamba sana upungufu ni mdogo zaidi. Na upungufu huo ni wa sauti inayotoka nyuma moja kwa moja tu. Kwenye ukumbi wenye kuta za saruji na sakafu ya vigae, sauti ya spika hugonga ukuta na kurudi ikiingilia mbele, ambako maiki iko macho kabisa. Hapo maiki haiwezi kusaidia chochote. Kusogeza spika au kutundika mapazia mazito ndiko kunakoleta nafuu.

Kuna pia maiki za jamii hiihii ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha, zilizopangwa ziwe na upana mdogo zaidi mbele. Hizo zina mkia: nyuma kabisa zinasikia kidogo, na mahali pasiposikia ni pawili, pembeni kwa nyuma, karibu nyuzi 126 kutoka mbele. Fundi akiweka spika ya mwimbaji nyuma kabisa ya maiki kama alivyozoea, ameielekeza penye mkia. Karatasi iliyomo kwenye boksi huonyesha mchoro, na ni vizuri kuutazama kabla boksi halijatupwa.

Matundu hayohayo yana gharama, nayo huonekana mdomo unapokaribia. Mtu akiongea midomo ikiwa sentimita 3 kutoka kwenye utando, matundu yako sentimita 5. Sauti hudhoofika kadiri inavyosafiri, hivyo nyuma msukumo ni tatu kwa tano tu ya ule wa mbele. Tofauti hiyo haitokani na muda wa kuchelewa; inatokana na ukaribu tu, na inaongezeka juu ya ile ya kawaida. Kwenye besi, ambako wimbi linabadilika polepole na mikrosekunde 116 hazileti tofauti kubwa, nyongeza hiyo ndiyo inayotawala. Matokeo yake ni ile sauti nene ya watangazaji wa usiku wanaokaribia kuimeza maiki. Akirudi nyuma mita 1, umbali ni 100 kwa 102, nyongeza haipo tena, na unene wote unayeyuka. Kwa mtu anayeyumbayumba mbele ya maiki, sauti yake itanenepa na kukonda mpaka wasikilizaji wachoke. Upepo, mkwaruzo wa vidole, na zile p na b zinazotoa pumzi kwa kishindo hupenyea mlango huohuo, kwa kuwa ni misukumo inayopiga upande mmoja wa utando kuliko mwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wauzaji wanaoiita kadioidi maiki ya kitaalamu na ya pande zote maiki ya kienyeji. Mwandishi wa habari anayemhoji mfanyabiashara barabarani Kariakoo anahitaji ile ya pili. Akiwa na kadioidi lazima ageuze mkono kila msemaji anapobadilika, na akichelewa, maneno ya kwanza ya jibu yataingilia ubavuni, kwa nusu ya nguvu na rangi tofauti. Ya pande zote anaishika katikati, chini kidogo ya videvu, na wote wawili wanasikika. Upepo hauisumbui sana, mkono unaoshika haukwaruzi, na umbali ukibadilika besi haibadiliki.

Lakini si itameza makelele yote ya Kariakoo? Itameza zaidi, ndiyo, na kiasi chenyewe kinajulikana. Kelele zikitoka kila upande, kadioidi iliyo sentimita 15 kutoka mdomoni hutoa uwiano wa maneno na kelele sawa na ule wa maiki ya pande zote iliyo sentimita 9 hivi. Hesabu ni kugawanya kwa 1.7. Mwandishi anaisogeza kwa upana wa vidole vitatu au vinne na deni limelipwa. Kuusogelea mdomo kwa kadioidi kiasi hicho kungezalisha unene na vishindo vya p.

Maiki ndogo za kubana kwenye kanzu au koti nyingi ni za pande zote kwa sababu ya shingo. Mhubiri anapogeuka kushoto kuwatazama waumini, kadioidi iliyobanwa kifuani inabaki imeelekea pale mdomo ulipokuwa, na sentensi nzima inafifia. Kwa ya pande zote umbali tu ndio unaobadilika, sentimita chache, na hata ikipinduka chini juu bado inasikia. Mipaka yake ni spika: mhubiri huyohuyo akishuka na kupita mbele ya spika za ukumbi, italia mluzi mapema kuliko kadioidi ingelia, na fundi hana la kufanya zaidi ya kushusha sauti au kumwomba arudi madhabahuni.

Kama hujui iliyo mkononi mwako ni ipi na alama imefutika, punguza sauti ya spika au vaa hedifoni, ongea kwa sauti ileile huku ukiizungusha maiki taratibu, umbali usibadilike. Ikinyamaza nyuma kabisa ni kadioidi. Ikinyamaza pembeni kwa nyuma kisha ikasikika kidogo tena, ni ile yenye mkia. Isipobadilika, ziba wavu wote kwa kiganja usikilize: ya pande zote itakuwa imefunikwa tu, wala haitakuwa na sababu ya kuanza kupiga mluzi kwa kuzibwa nyuma, kwani nyuma yake ilizibwa tangu kiwandani.