Kupunguza Uzito wa Breketi kwa Hesabu ya Kompyuta

Breketi ni kipande cha metali kinachoshikanisha kitu kimoja na kingine: upande mmoja hufungwa kwa bolti, upande wa pili hubeba mzigo. Katika breketi nyingi, sehemu kubwa ya metali haina kazi. Nguvu hupita njia chache tu kutoka kwenye mzigo hadi kwenye bolti, na metali iliyo nje ya njia hizo huongeza uzito bure. Uboreshaji wa topolojia ni hesabu inayozitafuta njia hizo na kuondoa kinachobaki. Usanifu zalishi hutumia hesabu za aina hiyo kutoa maumbo mengi badala ya moja, kwa kubadilisha malighafi na namna ya kutengeneza, kisha mhandisi huchagua.

Mwaka 2013 kampuni ya General Electric, ikishirikiana na jukwaa la wabunifu la GrabCAD, ilitangaza shindano la kupunguza uzito wa breketi ya injini ya ndege. Breketi hiyo hukaa kwenye injini wakati wote, na kazi yake ni kubeba uzito wa injini inapoinuliwa au kuhamishwa. Ile ya awali ilikuwa na gramu 2,033. Ya mshindi, M Arie Kurniawan wa Indonesia, ilikuwa na gramu 327. Masharti ya shindano yalikuwa wazi kwa kila mtu, na ukiyasoma unaona hasa kompyuta inahitaji kuambiwa nini kabla ya kuanza kukata.

Kwanza inaambiwa mipaka. Mhandisi huchora bonge linaloonyesha nafasi yote ambayo breketi inaruhusiwa kuijaza, bila kugusa mabomba na vifaa vya jirani. Bonge hili liwe kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa sababu hesabu huondoa metali tu. Haiwezi kuiweka nje ya mipaka iliyochorwa. Anayeanza na umbo la breketi ya zamani hupata breketi ya zamani yenye matundu. Ndani ya bonge hutengwa sehemu zisizoguswa kabisa. Katika breketi ya injini, hizo ni tundu la pini ya inchi 0.75 inayopokea mzigo, na matundu manne ya bolti za kufungia, kila moja pamoja na pete ya metali inayolizunguka.

Malighafi ilikuwa aloi ya titani iitwayo Ti-6Al-4V, iliyokadiriwa kuanza kupinda bila kurudi inapofikia mkazo wa megapaskali 903 hivi. Kwa kuwa breketi ingetengenezwa kwa kuyeyusha unga wa titani kwa leza, tabaka juu ya tabaka, iliwekwa pia kanuni ya unene: hakuna ukuta wa chini ya milimita 1.27.

Mizigo ndiyo pembejeo nzito kuliko zote, na ndiyo inayokosewa mara nyingi. Breketi hii ilipewa hali nne. Katika ya kwanza inavutwa wima kwenda juu kwa nguvu ya pauni 8,000, sawa na uzito wa tani 3.6. Katika ya pili inavutwa kwa mlalo kwenda nje kwa pauni 8,500, na katika ya tatu kwa pauni 9,500 katika pembe ya nyuzi 42 kutoka wima. Ya nne ni msokoto kwenye pini, wa takribani newton-mita 565.

Tuseme mhandisi amesahau huo msokoto. Mivuto mitatu iliyobaki yote huelekea katika bapa moja, kwa hiyo hesabu itajenga mikono inayokwenda na bapa hilo na kuondoa karibu kila kitu kinachoiunganisha kwa kukingama. Matokeo yatapendeza, yatakuwa mepesi, na yatafaulu kila jaribio la kompyuta, maana kompyuta nayo hairudishi swali ambalo haikuulizwa. Siku ya kuinua injini, kamba ikivuta upande kidogo, breketi itajisokota. Ni vivyo hivyo kwa namna ya kufunga. Mwigo unaochukulia kwamba matundu ya bolti yamegandishwa imara huipa breketi msaada ambao bolti halisi, zinazonyumbuka kidogo, hazitautoa.

Hesabu yenyewe hugawanya bonge kuwa vipande vidogo, mara nyingi mamia ya maelfu, na kila kipande hupewa msongamano kati ya 0 na 1. Lengo la kawaida ni kupata ukakamavu mkubwa iwezekanavyo kwa kiasi cha metali kilichowekwa, kwa mfano asilimia 20 ya bonge. Kikwazo ni kwamba kompyuta hupenda vipande vya nusunusu, ambavyo haviwezi kutengenezwa kwa metali tupu. Hivyo hutumika kanuni ya kuviadhibu:

```
E = E0 * rho^3
```

Kipande chenye msongamano wa 0.5 hupata sehemu moja ya nane tu ya ukakamavu, ingawa kinahesabiwa nusu ya uzito. Ni biashara ya hasara, kwa hiyo baada ya mizunguko mingi vipande vingi huishia kujaa au kuwa vitupu.

Umbo linalotoka si breketi bado. Ukaguzi huanza kwa macho: je, kila mkono unatoka kwenye mzigo na kufika kwenye bolti, au kuna kisiki kilichoning'inia bila kwenda popote? Vipande vilivyojaa na vitupu vikipishana kama ubao wa drafti, ni kosa la hesabu, wala si ugunduzi. Kichujio cha msongamano huliondoa. Kisha hesabu hurudiwa kwa vipande vidogo zaidi. Umbo likibadilika kabisa, jibu la kwanza lilitokana na ukubwa wa vipande kuliko mizigo.

Baada ya hapo umbo huchorwa upya kwa nyuso laini na kupimwa tena, hali moja moja ya mzigo. Hatua hii hairukwi, kwa kuwa hesabu iliyotafuta ukakamavu haikuangalia mkazo hata kidogo. Mkazo wa juu wa megapaskali 600 ungeacha usalama wa mara 1.5 hivi kabla ya titani kupinda. Mkazo ukizidi kupanda kila vipande vinapopunguzwa, hasa kwenye kona kali, nambari hiyo haiaminiki mpaka kona iviringishwe. Mikono myembamba inayobanwa hukaguliwa pia isije ikabetuka, na mikono iliyolala hukaguliwa kwa printa: iliyo chini ya nyuzi 45 hivi kutoka mlalo kwa kawaida huhitaji nguzo za muda, ambazo lazima zikatwe baadaye.

Asilimia ya uzito uliopungua isisomwe peke yake. Hupanda kirahisi pale breketi ya mwanzo ilipokuwa nene kupita kiasi, na haisemi lolote kuhusu gharama ya kuchapisha.

Mwishoni hubaki mashine ya majaribio. Miundo 10 iliyoteuliwa katika shindano ilichapishwa kwa titani na kuvutwa kwa mashine ya haidroli katika maabara ya General Electric huko Niskayuna, jimbo la New York. Mmoja ulishindwa kwenye mivuto. Mingine ikaendelea kwenye msokoto. Jaribio la namna hiyo huthibitisha uimara dhidi ya mzigo mmoja mkubwa. Haligusi uchovu wa metali, ambapo ufa huanzia kwenye uso mparuzo wa kipande kilichochapishwa na kukua kwa maelfu ya mizigo midogo. Breketi itakayotikisika maisha yake yote huhitaji kipimo chake cha mizigo inayorudiarudia.