Mviringo Usitangulie Tundu

Mbunifu wa vipande vya chuma amebadilisha namba moja tu, unene wa bati, kutoka milimita 5 hadi 4. Mara nusu ya orodha ya hatua iliyo kando ya skrini yake imejaa alama nyekundu, na ujumbe unasomeka `BRep_API: command not done`. Hakugusa tundu wala kona yoyote.

Programu kama FreeCAD na SolidWorks hazihifadhi umbo peke yake. Huhifadhi pia hatua zilizolizaa, zikiwa zimepangwa kama mti: kila hatua hupokea umbo lililoachwa na iliyotangulia, huliongezea au kulipunguzia kitu, kisha huliachia inayofuata. Ukibadilisha kipimo cha juu, hesabu hurudiwa kuanzia hapo kwenda chini. Hatua moja ikishindwa, zilizo chini yake hukosa umbo la kufanyia kazi.

Kipande chenyewe kilikuwa braketi ya rafu, yenye umbo la herufi L. Mbunifu alichora umbo hilo katika `Sketch`, mkono mmoja milimita 60 na mwingine 40, akalipa upana wa milimita 40 kwa `Pad`. Kisha, kwa kuwa alitaka kuiona ikipendeza mapema, akatumia `Fillet` kuviringa kingo mbili za ncha ya mkono mrefu, kila moja kwa nusu kipenyo cha milimita 2. Baada ya hapo ndipo alipotoboa matundu ya skrubu kwa `Pocket`.

Hesabu ya kosa ni fupi. Bati la milimita 5 likiviringwa milimita 2 juu na 2 chini, katikati ya ncha hubaki uso bapa wa milimita 1. Bati likiwa la milimita 4, uso huo unatoweka kabisa, na programu haijui tena izikutanishe vipi zile kona mbili. `Fillet` ikaanguka. Matundu nayo yakaanguka, ingawa hayakuwa na kosa lolote, kwa sababu tu yalikuwa chini yake.

Kuna chanzo kingine kisichohusu nafasi. Umbo la L lililopewa upana lina kingo 18, na programu huzipa majina kama `Edge7`. Mbunifu akirudi kwenye mchoro na kuongeza mdomo mdogo kwenye mkono mfupi, kingo zinakuwa 24 na majina yanaweza kugawiwa upya. Mviringo uliokusudiwa nchani unajikuta umehamia ukingo mwingine. FreeCAD 1.0, iliyotoka Novemba 2024, imepunguza sana tatizo hili, lakini hakuna toleo linaloweza kuviringa ukingo ambao haupo tena.

Ni rahisi kutambua chanzo kipi kinahusika. Tafuta hatua nyekundu ya juu kabisa, maana hiyo ndiyo mgonjwa, halafu shusha nusu kipenyo chake hadi milimita 0.5. Ikipona, tatizo lilikuwa nafasi. Isipopona, kuna uwezekano mkubwa kwamba imepoteza ukingo wake, basi ichagulie upya.

Braketi ile ilipojengwa upya, matundu yalifuata mara baada ya `Pad`, na mchoro wake ukashikizwa kwenye `XY_Plane` ambayo haibadiliki, badala ya uso wa kipande. Mviringo wa kona ya ndani, unaoipa braketi nguvu, uliingizwa ndani ya mchoro wa kwanza kama tao, kwani ni sehemu ya umbo lenyewe. `Fillet` ya ncha na `Chamfer` ya midomo ya matundu vikawekwa mwisho kabisa. Nusu kipenyo nacho kikafungwa kwenye unene, kupitia jedwali la vipimo:

```
Vipimo.unene * 0.4
```

Sasa bati la milimita 5 hupata mviringo wa 2, la 4 hupata 1.6, na uso bapa haupotei. Hata `Fillet` ikianguka siku moja, matundu hayatamfuata.

Kanuni hii ina ubaguzi mmoja wa kweli, nao ni kisanduku kinachochimbwa ndani kwa `Thickness`. Hapo kona za nje hutangulia. Kona ya nje ya milimita 5 na ukuta wa 2 hutoa kona ya ndani ya 3, na ukuta hubaki sawa pote. Ukichimba kwanza kisha ukaviringa nje tu, unene wa ukuta pale konani hushuka chini ya milimita 1, na hapo ndipo kisanduku kitakapopasukia.

Kwa faili lililokwisha kuharibika, usianze kwa kuhamisha `Fillet`. Kwanza ondoa mchoro wa matundu kwenye uso uliotokana nayo, uushikize kwenye bapa za asili, kisha ndipo uishushe mwisho wa mti.