Jibu Lingoje Nyuma ya Karatasi

Wako kina mama wengi wenye hadithi za kuwatungia watoto, na baadhi yao hutamani kuzitia katika kitabu cha picha. Aghalabu linalowatatiza si maneno yenyewe, bali mahali pa kuyakata. Msimulizi hodari hunyamaza kidogo kabla ya kulitaja jambo la ajabu. Katika kitabu, kimya hicho ni kule kufunua ukurasa.

Tuchukue mfano wa hadithi katika Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Msichana na nyanya yake wanapita msituni, wakakutana na mbega, kisha kima, kisha hondohondo. Tukiyaandika yote hayo katika ukurasa mmoja, mtoto hupewa habari tatu kwa mkupuo, asipate nafasi ya kukisia lolote.

Basi na tuigawe. Kitabu kikifunguliwa, ukurasa wa namba shufwa huwa kushoto na wa witiri kulia. Swali hukaa mwisho wa ukurasa wa kulia, na jibu hungoja nyuma ya karatasi. Mwisho wa ukurasa wa 5 tunaandika: “Majani yakatikisika. Nani yuko juu?” Tukifunua, mbega ameruka akaujaza ukurasa wa 6 na wa 7. Chini ya ukurasa wa 7 majani yanatikisika tena. Katika ukurasa wa 8 yupo kima.

Sasa mtoto ameushika mwendo, naye atamngojea mnyama wa tatu wa matawini. Hapo ndipo tunapomgeuzia. Mwisho wa ukurasa wa 9 msichana anauliza: “Vuu, vuu, vuu! Nyanya, upepo waja?” Ukurasa wa 10 si upepo wala kima, bali ni hondohondo, ambaye mbawa zake huvuma kwa kweli arukapo. Mtoto ameshangaa, lakini hakudanganywa, kwa kuwa dalili aliisikia.

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi hutoka kwenye picha. Maneno ya ukurasa wa 9 yakiwa yanauliza, na mdomo wa hondohondo tayari umechomoza pembeni, siri imekwisha kutoka. Picha hiyo ionyeshe majani yaliyoinama na uso wa msichana uliotazama juu, basi.

Kabla ya kumpa mchoraji kazi, tuchukue karatasi 8, tuzikunje katikati na kuzipachika moja ndani ya nyingine. Tutapata kurasa 32, ambao ndio ukubwa wa vitabu vingi vya picha. Tuandike maneno kwa penseli, tuchore vivuli tu, kisha tumsomee mtoto. Akitaja jibu kabla hatujafunua, tumelifichua mapema. Akitazama kando, swali halina nguvu. Mkono wake ukiiwahi pembe ya karatasi, tumekata mahali pake.