Kupoza homa ya mtoto
Kupoza homa ya mtoto ni kuusaidia mwili wenye joto la 38°C au zaidi kupoteza joto hilo kupitia ngozi.

Homa inapopanda, ubongo hutaka mwili uwe na joto zaidi, hivyo mtoto hutetemeka na mikono yake huwa ya baridi ingawa kifua kinaunguza. Katika usiku wa Julai huko Mbeya au Iringa, ni rahisi mzazi kudhani ni baridi ya nje, akamwongezea sweta na blanketi. Nguo hizo huzuia joto lisitoke, na homa huzidi. Nguo moja nyepesi na shuka hutosha, mbali na upepo.

Kumfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu husaidia kwa muda mfupi, kwa sababu maji yakikauka huondoka na joto. Hufaa zaidi baada ya parasetamoli, ambayo hushusha kile kiwango kinachotakiwa na ubongo. Maji ya baridi hubana mishipa ya ngozi na kuleta mtetemeko unaozalisha joto jipya. Blanketi la kupoza, linalopitishiwa maji baridi, lina tatizo hilohilo, hivyo hutumiwa hospitalini tu chini ya uangalizi. Mtoto akianza kutetemeka, kumfuta kusimamishwe.

Njia zote hizi haziondoi chanzo cha homa; mtoto apelekwe kituo cha afya kupimwa malaria, na mara moja akipata degedege au akishindwa kunywa.