Tangazo la Leo, Mteja wa Baada ya Miezi Sita

Tuseme kampuni ya Nairobi inauzia viwanda programu ya mishahara. Mhasibu aliyeona tangazo hanunui siku hiyo. Mpaka mkurugenzi aridhike na bajeti ipite. Kwa hiyo tangazo limpe kwanza jedwali la kukokotoa makato, naye aache baruapepe na idadi ya wafanyakazi. Kisha aandikiwe kila baada ya wiki mbili, na apigiwe simu akifungua ukurasa wa bei.

Shilingi 200,000 zikileta majina 100, kila jina limegharimu 2,000. Wakinunua wawili, kila mteja amegharimu 100,000. Bajeti ipangwe kwa hesabu hii ya pili, isifungwe kabla ya miezi sita. Majina yakiwa rahisi lakini mengi ni ya wanafunzi, tangazo linawalenga wasiohusika.